Mwanangu anatimiza miaka 7 na anataka sherehe ya anga za juu. Nianzie wapi kwa bajeti ndogo?

MamaNuru

Habari za jioni wakuu. Kijana wangu anatimiza miaka 7 Jumamosi ya wiki ijayo. Tangu aone picha ya Zohali kwenye kitabu cha dada yake, hapa nyumbani hakuna mazungumzo mengine. Kila duara analoliona analichorea pete. Ameomba kitu kimoja tu, sherehe yake iwe "huko juu kwenye sayari".

Watoto watakuwa 11. Tisa ni wa rika lake, wawili ni wadogo wa miaka 3. Nina sebule ya kawaida na kiuwanja kidogo nyuma ya nyumba. Tunaanza saa tisa alasiri, tunamaliza saa kumi na moja na nusu. Mapambo ya seti ya dukani siwezi kununua, ila maboksi ninayo, karatasi na gundi ninazo, na nina jioni nne za kufanya kazi. Keki nitaoka mwenyewe.

Nilichopanga mpaka sasa ni kupuliza maputo manane, kuyabandika magazeti kwa uji wa unga, kisha kuyapaka rangi yawe sayari. Naomba mawazo, hasa ya michezo. Mwaka jana keki iliisha ndani ya dakika kumi, halafu watoto wakahamia juu ya makochi.

Shangazi wa Wote

Hongera kwa kijana. Mimi kwenye maputo naomba uangalie mara mbili. Binti yangu alikuwa akisikia puto likipasuka anajificha chini ya meza na harudi tena, sherehe yote imeisha kwake. Na hao wawili wa miaka 3, kipande cha puto lililopasuka wanakitia mdomoni kabla hujageuka. Kinaziba koo vibaya sana kwa sababu kinanasa na kujifinyanga humo.

Baba_Pacha

Maputo ya magazeti tulifanya kwa pacha wangu. Yanapendeza sana, ila jioni nne hazikutoshi. Kila tabaka linahitaji kama siku nzima kukauka, na unahitaji matabaka matatu. Sisi tuliharakisha, puto likanywea usiku kabla karatasi haijakauka, asubuhi Mshtarii imebonyea upande mmoja.

Badala yake fanya roketi za mrija. Unaviringisha karatasi, unaichomeka kwenye mrija wa kunywea soda, unapuliza, inaruka. Hiyo ndiyo kanuni ya roketi halisi, na siri yake ni pumzi tu. Anayepuliza kwa nguvu ndiye anayefika mbali.

Msafiri77

Dada, kama mtoto anapenda sayari, mwonyeshe zenyewe. Azima darubini, subirini giza liingie, mtafute Zohali. Pete zake zinaonekana hata kwa darubini ndogo. Hayo maboksi ya nini?

MamaNuru

Ahsante Msafiri, lakini sherehe yetu inaisha saa kumi na moja na nusu, jua bado liko juu. Wazo lako naliweka kwa ajili ya siku nyingine.

Baba Pacha, umenisaidia kabla sijachanganya huo uji wa unga. Sasa sayari nifanye kwa nini?

Mwl_Mstaafu

Mama Nuru, nimefundisha watoto wa umri huo miaka mingi, ngoja nikuandikie kwa utulivu.

Achana na matufe. Kata sayari bapa kutoka kwenye maboksi, lakini zikate kwa vipimo vyake vya kweli. Ukifanya hivyo pambo linageuka mchezo, wala huhitaji kununua kitu.

Anza na Dunia. Ipe upana wa sentimita 4, kama kifuniko cha chupa kubwa ya maji. Zuhura inakaribia kulingana nayo, ipunguze kidogo tu. Mirihi ni sentimita 2, Utaridi ni moja na nusu. Sasa njoo kwa wakubwa. Uranusi 16, Neptuni karibu 16 pia, Zohali 38 bila pete, na Mshtarii 45. Hiyo Mshtarii itakula upande mzima wa boksi kubwa. Mtoto akiishika kwa mikono miwili huku ameibana Dunia kwenye vidole vyake, hutahitaji kumweleza neno.

Jua kwa kipimo hicho lingekuwa na upana wa zaidi ya mita 4, haliingii ukutani. Chukua shuka la njano, lining'inize kwenye kona ya sebule kwa mkato wa upinde, ionekane kama ukingo wa kitu kikubwa kinachoendelea nje ya nyumba. Waambie watoto kilichobaki kiko upande wa pili wa ukuta.

Sasa mchezo wenyewe. Kata mwezi wa sentimita moja, kidogo kama punje ya mahindi. Bandika Dunia ukutani, upande wa kushoto kabisa, usawa wa macho ya mtoto. Mpe kila mtoto mwezi wake wenye jina lake na kipande cha selotepu, umwambie aubandike mahali anapofikiri mwezi unakaa. Wote watauweka karibu, kwa sababu vitabu vyote huuchora karibu. Wakimaliza unavuta uzi uliokwisha kuupima: sentimita 120. Kutoka Duniani hadi mwezini zinaingia Dunia 30 zikipangwa mstari.

Fanya huo mchezo mwanzoni, watoto wakiwa bado wanafika. Anayefika anabandika wake, hakuna anayesubiri zamu.

Kijiko cha Mbao

Mwalimu shikamoo. Hili la mwezi nimelijaribu sasa hivi mezani kwa kifuniko na punje ya mchele. Mume wangu ameuweka shubiri moja kutoka Duniani, mimi shubiri mbili. Wote tumekosa!

Mwl_Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Baba Pacha, roketi yako ya mrija ni mchezo mzuri na ninaiunga mkono, ila niongeze mambo mawili. Kwanza, hiyo siyo kanuni ya roketi halisi. Karatasi inasukumwa kutoka nyuma na pumzi yako, kama risasi ndani ya mtutu. Roketi halisi inabeba gesi yake na kuitupa nyuma, na kule kuitupa ndiko kunakoisukuma mbele. Ndiyo maana inakwenda hata pasipo na hewa. Puto ukilipuliza ukaliachia bila kulifunga ndilo linalofanana nayo. Pili, pumzi peke yake haitoshi. Nimeona mtoto mwenye kifua chembamba akiwapita wakubwa kwa sababu roketi yake haikuvuja.

Baba_Pacha

Nimekubali la kwanza, mwalimu. La pili sijakubali sana, pacha mmoja ana pumzi na ndiye aliyekuwa akishinda kila mara. Lakini sikuangalia kama yake ilikuwa haivuji.

MamaNuru

Mwalimu shikamoo, na ahsante sana. Hizo roketi nazitengenezaje ili zisivuje?

Mwl_Mstaafu

Marahaba. Kata karatasi ya daftari upana wa sentimita 5 na urefu wa 14. Iviringishe kwa urefu kwenye penseli, lakini kwanza hakikisha penseli ni nene kidogo kuliko mrija. Ikiwa nyembamba, bomba lako litakataa kuingia. Hapo viringisha juu ya mrija wenyewe, ukiwa umeuzungushia karatasi nyingine mara moja ili kuacha nafasi, halafu hiyo ya ndani uitoe.

Bandika selotepu kwenye mshono wote, usiweke vipande viwili tu. Chomoa penseli, kunja ncha mara mbili, uifunge kwa selotepu mpaka ionekane kama bandeji ya kidole. Sasa weka mdomo upande wa wazi na upulize taratibu huku shavu la mtu mwingine likiwa mbele ya ncha. Akisikia upepo, inavuja, ongeza selotepu. Kipimo hiki watoto wanakipenda kuliko kurusha kwenyewe.

Kisha mapezi. Pembetatu tatu ndogo, zibandikwe nyuma, upande unaoingia mrija. Kuna mtoto atabandika mbele kwa sababu zinapendeza. Usimkataze, mwache arushe. Roketi yake itapinduka hewani na kuanguka karibu, atahamisha mwenyewe. Na kama roketi inayumba hata mapezi yakiwa nyuma, pua ni nyepesi mno. Zungushia selotepu mara mbili zaidi puani.

Usiwape watoto wakate na kuviringisha yote siku hiyo, utapoteza saa nzima. Andaa mabomba 9 na akiba ya 4, yafunge kabisa. Wao wapake rangi, waandike majina na kubandika mapezi. Kila mmoja awe na mrija wake wenye jina, tusigawane mate. Mirija ya karatasi inalegea baada ya kupulizwa mara chache, hivyo ya akiba iwe mingi.

Chora mstari mmoja wa kurushia. Wote wanarusha kuelekea upande mmoja, na hakuna anayevuka kuokota hadi useme. Ncha ni karatasi laini, lakini jicho ni jicho.

Shangazi wa Wote

Na hao wa miaka 3 je? Hawawezi kusubiri mstari wala kupuliza.

Mwl_Mstaafu

Wape mchezo wa kasoko za mwezi, unawafaa wote. Trei yenye kina au beseni, unga mkavu wa ngano kimo cha vidole viwili, ukaze kwa kulitikisa beseni tu bila kuushindilia. Juu yake chekecha kakao nyembamba hadi weupe upotee. Dondosha jiwe kutoka usawa wa goti, kisha kiuno, kisha bega. Shimo linatanuka kadiri jiwe linavyotoka juu, na ule unga mweupe unaruka juu ya kakao kwa mistari kama miale. Mwezini kuna kasoko iitwayo Tycho, upana wake kama kilomita 85, ina miale ya namna hiyo hiyo. Mwezi mpevu ukiwa juu unaiona hata kwa darubini ndogo ya macho mawili.

Kwa wadogo tumia mawe makubwa kuliko ngumi yao. Gololi zitaishia midomoni.

Shangazi wa Wote

Unga wa ngano wa kuchezea, mwalimu? Mimi moyo wangu hauruhusu. Chakula ni chakula.

Mwl_Mstaafu

Nakuelewa, na si wewe tu. Mchanga mkavu unafanya kazi, na juu yake chekecha majivu au vumbi la chaki ya rangi. Neno ni ukavu. Mchanga wenye unyevu unatoa tundu dogo la umbo la jiwe lenyewe, bila ukingo wala miale. Uanike juani siku mbili kabla. Na iwe unga au mchanga, fanyieni nje. Vumbi la unga linashika moto likitimka karibu na mshumaa au jiko.

Kijiko cha Mbao

Mimi naomba niingie jikoni. Mama Nuru, keki umeipangaje?

MamaNuru

Keki ya chokoleti, juu krimu nyeusi kama anga ya usiku na nyota nyeupe. Nimenunua kichupa kimoja cha rangi nyeusi.

Kijiko cha Mbao

Ukianza na krimu nyeupe, kichupa chote kitaisha na bado itakuwa ya kijivu. Ladha itakuwa chungu na watoto wataondoka na meno meusi. Anza na krimu ya kakao iliyokolea, tone moja moja la rangi, kisha iache kwenye friji usiku kucha. Rangi inaendelea kukolea yenyewe, asubuhi utaikuta imeiva kuliko ulivyoiacha.

Ningekuwa mimi nisingeweka rangi kabisa. Paka krimu ya chokoleti ya kahawia iliyokoza, ilaze vizuri, iache ishike ngozi kwenye friji. Kata karatasi ngumu yenye matundu ya nyota na duara la mwezi, ishikilie juu ya keki bila kuigusa, kisha chekecha sukari laini ya unga kwa kichujio cha chai. Nyota zinatoka safi kabisa. Lakini fanya hivyo dakika chache kabla ya kuileta mezani. Krimu ina unyevu, sukari inayeyuka, ukichekecha asubuhi saa tisa hukuti hata nyota moja.

Na fanya biskuti za mwezi. Unga gramu 300, siagi 200, sukari 100, chumvi kidogo. Kanda hadi vishikane tu, sukuma unene wa kidole kidogo, kata kwa mdomo wa glasi, weka kwenye friji nusu saa kabla ya kuoka. Usiruke hiyo nusu saa, la sivyo duara litatanuka. Oka kwa joto la 170 kama robo saa, toa kingo zikianza tu kuwa za dhahabu. Unapata kama 25 kwa glasi ndogo.

Mchezo wake ni huu. Kila mtoto anapewa mwezi mpevu, anaung'ata pole pole ubaki nusu, halafu ubaki hilali yenye ncha mbili. Ukikatika, anakula vipande na kuchukua mwingine. Wanakaa kimya ajabu.

Msafiri77

Nimerudi kusema kitu. Kama Jumamosi hiyo mwezi utakuwa karibu na nusu ya kwanza, alasiri utauona upande wa mashariki, mchana kweupe. Chunguza siku moja mbili kabla. Mtoto anayeng'ata biskuti hadi nusu, kisha unamwonyesha nusu yenyewe juu ya paa, hatasahau.

MamaNuru

Msafiri, hili nimelipenda sana, nimeweka alama kwenye kalenda.

Nina swali dogo. Majina ya kuandika kwenye sayari. Dada yake anasema ile yenye pete inaitwa Sarteni, mimi nimezoea Zohali.

Baba_Pacha

Sarteni ndivyo tulivyosoma sisi.

Mwl_Mstaafu

Nimekutana na yote mawili vitabuni na mashuleni. Mimi naandika Zohali, kama ninavyoandika Zuhura, Mirihi na Mshtarii, yote ni ya ukoo mmoja kutoka Kiarabu. Sitagombana na aliyefundishwa Sarteni.

Shangazi wa Wote

Na Pluto usiisahau. Kwangu mimi ni sayari.

Mwl_Mstaafu

Tangu 2006 wanaastronomia wanaihesabu kuwa sayari kibete. Ila nafasi ukutani ipo, kwa kipimo chetu haifiki hata sentimita moja.

Shangazi wa Wote

Iwekwe.

MamaNuru

Wakuu, tumemaliza jana, nimerudi kutoa taarifa kama nilivyoahidi.

Ukuta ulikuwa mifuko myeusi ya taka niliyoipasua na kuibandika, nyota za foili juu yake. Niliipandisha juu ya kimo cha wale wadogo kwa sababu ya Shangazi, sikutaka waivute na kujifunika. Selotepu iliachia usiku upande mmoja. Niliirudishia kwa misumari midogo ya karatasi ikatulia. Shuka la njano konani ndilo lililowashangaza wazazi kuliko watoto.

Mchezo wa mwezi ulikwenda kama mwalimu alivyosema. Watoto saba waliuweka ndani ya shubiri moja. Mwanangu akauweka kama sentimita 40, akajiona ameshinda. Mtoto mmoja mpole, ambaye hata kusalimia alisalimia kwa sauti ya chini, alisimama akaangalia ukuta, akatembea hadi karibu na mlango, akabandika hapo. Wenzake wakacheka. Nilipovuta uzi, ukaishia kiganja kimoja kabla ya mwezi wake. Kilikuwa kimya kwanza, halafu kelele. Alasiri yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa "nahodha".

Roketi, mbili zilifunguka ncha kwenye kurusha kwa tatu, zile nilizofunga nikiwa nimechoka usiku. Akiba ilisaidia. Baba Pacha, mtoto aliyefika mbali zaidi ana kifua kipana, na roketi yake haikuvuja, kwa hiyo sijui nimpe nani ushindi kati yako na mwalimu. Zawadi sikutoa, niliona kila mmoja ashindane na alama yake ya kwanza.

Baba_Pacha

Hapo kwenye zawadi tutatofautiana, watoto wa miaka 7 wanapenda kushinda. Ila naona ulikuwa na utulivu.

Kijiko cha Mbao

Nyota za keki?

MamaNuru

Nilichekecha wakiwa wameshakaa mezani, mbele yao. Karatasi ilipoinuliwa wakashusha pumzi wote kwa pamoja. Biskuti ziliisha zote. Mwezi wa kweli ulikuwa juu ya paa la jirani, mnene kidogo kuliko nusu, wakautazama wakiwa na biskuti mikononi, wakizifananisha. Mchanga wa kasoko nilikuwa nimeuanika siku moja tu, beseni la kwanza halikutoa miale. La pili nilichota juu juu, palipokauka, likakubali.

Sasa mwalimu, umeniletea jambo jingine. Amesikia kwamba mwezi uko mbali hivyo, leo asubuhi ameniuliza Neptuni kwa kipimo kile kile ingekuwa wapi.

Mwl_Mstaafu

Kwa Dunia ya sentimita 4, Jua lingekuwa mita 470 kutoka kwenye ukuta wako. Neptuni ingekuwa kilomita 14 kutoka kwa hilo Jua.

MamaNuru

Atataka twende.

Mwl_Mstaafu

Basi mpe kipimo kingine. Sahau ukubwa, shika umbali peke yake. Hatua moja kubwa iwe kutoka Juani hadi Duniani. Mirihi ni hatua moja na nusu, Mshtarii tano, Zohali tisa na nusu, Uranusi 19, Neptuni 30. Mwambie aweke jiwe kila kituo.

Shangazi wa Wote

Na Pluto?

Mwl_Mstaafu

Njia yake imechongoka, mara karibu mara mbali. Kwa wastani hatua 40 kasoro kidogo.

MamaNuru

Kutoka mlango wa nyuma, hatua 40 ni kupita uwanja wote na kutokea kwa jirani. Nimeshamwomba jirani ruhusa. Mawe anayaokota sasa hivi, amelipaka moja rangi na kulichorea pete.